Kijana mpya wa mitandao dukani: maswali ninayoulizwa na wenye biashara wa Mwanza

Nauza dagaa waliosafishwa na kufungashwa, pakiti za nusu kilo, kutoka Kirumba. Duka ni dogo, lakini sehemu kubwa ya oda huingia kwa Instagram, Facebook na WhatsApp, na mpaka sasa nimewafundisha vijana watatu kuzishika akaunti hizo. Wenzangu wa sokoni wananiuliza yale yale kila mmoja anapoajiri, kwa hiyo nimeyaweka pamoja.

Kwa nini unamfundisha kwa wiki nne? Kijana si anajua simu kuliko sisi?

Simu anaijua. Asichokijua ni Mwaloni, soko letu la dagaa hapa Kirumba.

Dagaa wa ziwa hili huvuliwa usiku kwa taa. Taa inawavuta pale tu maji yanapokuwa na giza, kwa hiyo mbalamwezi ikikaza mitumbwi mingi hubaki ufukweni kwa siku kadhaa. Mzigo unapungua na bei inapanda. Giza likirudi, mzigo unarudi. Mzunguko mzima wa mwezi ni siku 29 na nusu, yaani wiki nne na kidogo. Kijana akikaa na wewe muda huo ameshaona wiki ya neema na wiki ya ukame, ameshawajibu wateja wanaolalamika kwamba juzi ilikuwa bei nyingine, na ameshajua kwa nini hatupangi ofa ya nusu bei katikati ya mbalamwezi. Wiki mbili hazitoshi, maana ataona upande mmoja tu.

Anayeuza vitenge au vipuri ana mzunguko wake: siku ya mnada, mwisho wa mwezi, shule kufunguliwa. Pima muda wa mafunzo kwa huo wako.

Siku ya kwanza nimkabidhi nini?

Kaunta buku na kalamu. Asubuhi ya kwanza tunakwenda naye Mwaloni, tunashika dagaa mkononi, namwonyesha aliyeanikwa juu ya chanja na aliyeanikwa chini kwenye mchanga. Tofauti hiyo ndiyo swali namba moja la wateja wetu, na mtu ambaye hajawahi kutafuna mchanga atawajibu kwa maneno ya kukisia.

Jioni anasoma meseji za miezi miwili iliyopita kwenye simu yangu, mimi nikiwa pembeni, na kuandika maswali kumi yanayojirudia. Maswali hayo ndiyo yatakayokuwa majibu yake ya haraka wiki inayofuata. Akaunti hazigusi siku hiyo.

Nywila nimpe lini?

Usimpe. Mpe nafasi yake mwenyewe ya kuingilia, kwa jina lake.

Ukurasa wa Facebook una sehemu ya mipangilio inayoitwa Page access. Humo utaona makundi mawili. La kwanza ni la watu wenye Facebook access, na ukimwekea mtu huyo Full control anaweza kuongeza watu wengine na hata kukuondoa wewe mwenye duka. La pili ni Task access, ambamo unamchagulia kazi moja moja: Content ni kuposti, Messages ni kujibu meseji, Community activity ni komenti, Ads ni matangazo ya kulipia, Insights ni takwimu. Kijana anayeanza ni wa kundi hili la pili. Anaingia kwa akaunti yake, anafanya kazi kupitia Meta Business Suite, na siku mkiachana unamtoa yeye tu bila kubadilisha nywila ya mtu mwingine.

Instagram nayo inaingia humo humo, mradi iwe akaunti ya biashara na iwe imeunganishwa na ukurasa wako. Kuna usumbufu mmoja: si kila kitu cha Instagram kinafanyika kupitia Business Suite, na vijana hulalamika hasa kuhusu muziki wa kuweka kwenye video. Kwangu video za muziki zinapostiwa kutoka simu ya duka, dukani, na simu hailali kwake. Wananiona mkoloni. Sawa.

Mimi nazifungua kazi hizi kwa hatua. Wiki ya kwanza anapata Insights peke yake, aangalie tu. Wiki ya pili Content, lakini anaandika rasimu na mimi ndiye ninayebonyeza. Wiki ya tatu Messages na Community activity. Ads haifunguki ndani ya wiki nne, kwa sababu nyuma yake kuna kadi ya benki.

Na uthibitisho wa hatua mbili? Kodi inakuja kwenye simu yangu nikiwa safarini.

Ndiyo maana watu wanauzima, halafu wanaibiwa akaunti. Uache ukiwa umewashwa. Kijana mwenye nafasi yake anatumia uthibitisho wake, hahitaji kodi yako kabisa. Ukiona anaomba kodi kila mara, ujue kuna mahali bado anaingia kwa jina lako. Kwa Instagram, chapisha zile kodi za akiba ziitwazo backup codes na uziweke panapokaa leseni ya biashara. Picha ya skrini ndani ya simu hiyo hiyo haisaidii kitu siku simu ikidondoka ziwani. Yangu ilidondoka kivukoni Kamanga.

WhatsApp ya duka anaitumiaje bila kushika simu yangu?

Kwa Linked devices. Kila simu kuu inaweza kuunganishwa na vifaa vinne, kwa hiyo kompyuta ya dukani inatosha kabisa. Kila Jumatatu nafungua orodha hiyo kwenye simu kuu na kuhesabu vifaa. Kila kimoja kinaonyesha lini kilitumika mara ya mwisho, na nisichokitambua nakiondoa hapo hapo kwa Log out. Simu kuu isipofunguliwa kwa siku 14, vifaa vyote vinatoka vyenyewe. Hilo liliwahi kututokea simu ikiwa kwa fundi, tukadhani tumedukuliwa.

Upungufu wake ni mkubwa: WhatsApp haina vyumba. Aliyeunganishwa anaona meseji zote, pamoja na zile za wanaokudai. Kama namba ya duka ndiyo unayoongelea na mkweo na benki, zitenganishe kwanza kabla hujaajiri mtu.

Laini ya duka isajiliwe kwa jina la nani? Kijana amejitolea kuisajili kwa kitambulisho chake.

Mshukuru na ukatae. Laini husajiliwa kwa alama za vidole, na aliyesajili ndiye anayeweza kuirudisha ikipotea. WhatsApp hufunguka kwa kodi inayotumwa kwenye laini. Kwa hiyo mwenye laini ndiye mwenye WhatsApp, na wateja wako wote wako ndani yake. Isajili kwa jina lako au la kampuni, kisha weka ile PIN ya tarakimu sita ya Two-step verification na barua pepe yako. PIN hiyo kijana haijui, na haihitaji kwa kazi yake.

Orodha ya kazi ya wiki iweje? Nimeona moja yenye mistari arobaini.

Arobaini ataijaza Ijumaa jioni kwa mkupuo, kwa wino mmoja. Yangu ina mistari michache na kila mstari una siku yake. Hii ndiyo ya wiki ya tatu, kama ilivyoandikwa kwenye kaunta buku:

- Jumatatu kabla ya saa 3 asubuhi: piga simu Mwaloni, andika bei ya leo na hali ya mzigo; angalia mwezi ukoje; hesabu Linked devices na bosi.
- Jumanne: piga picha sita za mzigo uliopo kwenye rafu, si wa wiki iliyopita.
- Jumatano: rasimu tatu kwa bosi kabla ya saa 5, soma posti zote zilizopangwa kutoka zenyewe.
- Kila siku saa 4 asubuhi na saa 10 jioni: inboksi na komenti, zilizomshinda aziandike, asizibuni.
- Ijumaa saa 9: tunakaa.

Tiki haitoshi peke yake. Pembeni ya kila tiki anaandika ushahidi wa neno moja au namba: bei aliyoambiwa, picha ngapi, meseji ngapi zilizobaki. Nikiona tiki tano bila namba najua orodha imejazwa, kazi haijafanyika. Orodha ya wiki ya kwanza ni ya kusoma na kuandika majibu ya haraka, ya pili ni ya rasimu, na ya nne ni hii hii ya tatu isipokuwa mimi siulizi mpaka Ijumaa.

Majibu ya haraka ni yapi hayo?

Kwenye WhatsApp Business kuna Quick replies. Unahifadhi jibu na kulipa jina fupi, na ukiandika mkwaju na jina hilo jibu linajitokeza. Yetu yanayotumika zaidi ni haya:

```
/bei
/mchanga
/usafiri
/lipa
```

Ya `/lipa` nimeiandika mimi na haibadilishwi na mtu mwingine. Ina Lipa Namba na jina litakalotokea mteja akilipa. Kijana haruhusiwi kuandika namba ya malipo kwa vidole vyake, hata akiikumbuka. Tarakimu moja ikikosewa pesa inakwenda kwa mtu mwingine. Na mteja akishazoea kupokea namba tofauti tofauti kutoka kwetu, tapeli hapati kazi ngumu.

Tukisema posti itoke saa moja jioni, kwa nini imetoka mchana?

Kwa sababu aliandika 1:00 PM. Saa za kwenye skrini ni za kizungu, na sisi tunaongea saa zetu. Saa moja jioni ni 7:00 PM, yaani 19:00. Kwenye kaunta buku tumekubaliana kuandika zote mbili, "saa 1 jioni / 19:00", na tangu hapo tatizo limekwisha. Angalia pia kama kompyuta yenyewe imewekwa saa za Afrika Mashariki, hasa ya mtumba.

Tupe mfano wa kosa halisi na jinsi mlivyolizungumza.

Kijana wa pili, wiki ya tatu. Jumapili alipanga posti za wiki nzima zitoke zenyewe, jambo ambalo mimi mwenyewe nilimsifia. Posti ya Jumatano saa 6 mchana ilikuwa picha nzuri ya pakiti yenye maandishi makubwa juu yake: 6,000. Jumanne mbalamwezi ilikuwa imekaza, mzigo haukuingia, nikapandisha pakiti kuwa 7,500. Nilimwambia, akabadilisha `/bei`, akabadilisha kibao cha dukani. Posti iliyokuwa inasubiri hakuna aliyeikumbuka, mimi nikiwemo.

Tuligundua saa 9 mchana, mama mmoja wa Igoma alipouliza kwa nini WhatsApp inasema 7,500 na Instagram 6,000. Kufikia hapo watu 14 walikuwa wameagiza pakiti 23. Tofauti ya 1,500 kwa pakiti 23 ni 34,500. Tukawauzia kwa 6,000, maana bei tuliitangaza wenyewe.

Kurekebisha ndiko kulikotufundisha. Maelezo chini ya picha ya Instagram yanaweza kuhaririwa, lakini picha yenyewe ikishapostiwa huwezi kuibadilisha na nyingine. Bei ilikuwa ndani ya picha. Ikabidi tuifute posti, na komenti zake zote zikaenda nayo. Stetasi ya WhatsApp tuliifuta pia, ila waliokwisha kuipiga picha ya skrini waliendelea kututumia mpaka Ijumaa.

Jioni ile sikumuuliza kwa nini umefanya hivi. Nilimwomba anisimulie siku kuanzia Jumapili, na mimi nikaandika kwenye kaunta buku kila mahali bei ilipokuwa imeandikwa. Zilikuwa sehemu nne: `/bei`, kibao, stetasi na posti iliyopangwa. Yeye alizijua tatu. Hapo akaona mwenyewe kilichokosekana, ni ule mstari wa Jumatano wa kusoma posti zilizopangwa, ambao wakati huo haukuwepo kwenye orodha. Tukaongeza na kanuni mbili: bei haiandikwi juu ya picha, inaandikwa kwenye maelezo pamoja na tarehe, na posti yenye bei haipangwi, inaandikwa asubuhi ile ile baada ya simu ya Mwaloni.

Wengine hunishauri niseme "bei inboksi" niondokane na shida. Sitaki. Mteja akiona neno hilo anajua kuna mchezo, na nusu yao hawaji inboksi.

Hayo mazungumzo ya Ijumaa yanakwendaje?

Dakika ishirini, chai mezani, simu zimefunikwa isipokuwa moja. Tunachagua posti tatu: iliyofanya vizuri, iliyolala, na moja anayoichagua yeye. Anaanza yeye kusema. Hili ni gumu kwetu, kijana amelelewa kusubiri mkubwa aseme, na ukimuuliza "unaonaje?" atakujibu "ni nzuri, bosi." Kwa hiyo siulizi anaonaje. Nauliza, "Ungekuwa unairudia leo, ungebadilisha neno gani?" Hapo lazima ataje neno.

Mimi nasema jambo moja la kurekebisha kwa kila posti, si zaidi, na naliandika. Ijumaa inayofuata tunaanza kwa kusoma nililoandika. Likijirudia mara tatu naliona ni langu: ama sijaeleza, ama orodha haina mstari wake.

Kosa la haraka, kama namba au jina la mteja, halisubiri Ijumaa. Nampigia muda ule ule. Ila simsahihishi kwenye komenti, wala kwenye grupu la wafanyakazi. Kumsema kijana mbele ya watu kuna matokeo yanayojulikana: kuanzia siku hiyo ataanza kuficha, na kosa lililofichwa kwa siku mbili mtandaoni ni kubwa kuliko la dakika kumi.

Mteja akikomenti kwamba dagaa wana mchanga, kijana afute?

Hapana, hata kama ni mshindani aliyejificha. Anajibu hadharani kwa mstari mmoja, "Pole sana dada, tunakufuata inboksi tujue pakiti ipi," kisha anauliza tarehe iliyo kwenye pakiti. Tarehe hiyo inatuambia mzigo upi, na ulianikwa wapi. Msimu wa mvua wavuvi wanahangaika kukausha na kuna mizigo inayoanikwa popote palipo pakavu, kwa hiyo malalamiko mara nyingi yana ukweli. Kijana haruhusiwi kuandika "dagaa wetu hawana mchanga kabisa." Anaruhusiwa kuandika mzigo huu ulianikwa juu ya chanja, kama ndivyo.

Matusi na namba za simu za watu wengine anaficha bila kuniuliza. Tishio lolote ananiletea mimi.

Aandike kwa Kisukuma?

Salamu, ndiyo. "Mwangaluka" ya asubuhi inachangamsha komenti kuliko picha yoyote. Maelezo ya bei na usafiri yabaki Kiswahili, maana mteja wa Bukoba na wa Musoma naye anasoma.

Anaweza kuposti picha za mteja au meseji ya shukrani?

Kwa ruhusa iliyoandikwa, na meseji ya "sawa posti tu" inatosha. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, jina, sura na namba ya mteja si mali ya duka. Vijana hupenda kuposti picha ya skrini ya mazungumzo huku namba ikionekana juu. Kwetu anakata sehemu ya juu kabla ya kunitumia rasimu. Akinitumia ikiwa na namba, rasimu inarudi bila maelezo.

Wiki nne zimeisha na bado anakosea. Nimwache?

Angalia anakosea nini. Akirudia kosa la aina moja wakati orodha ina mstari wake, mrudishe hatua moja nyuma: ondoa Messages, abaki na rasimu kwa wiki mbili. Akikosea mambo mapya kila mara, huyo anajaribu, mwongezee mzunguko mmoja wa mwezi. Niliyemwachisha ni mmoja, naye hakukosea posti hata moja. Alikuwa anaandika namba za uongo pembeni ya tiki.

Siku anaondoka nifanye nini kwanza?

Akiwa bado yupo mezani, kwa heshima, mfanye pamoja. Anza na Linked devices, kisha mtoe kwenye Page access na kwenye Instagram, kisha badilisha nywila ya kitu chochote mlichowahi kuingia kwa pamoja, hata barua pepe ya zamani ya duka. Fungua posti zilizopangwa uone alizoacha zikisubiri. Yule wa pili aliacha moja ya sikukuu, imeandikwa vizuri, bila bei. Tuliiacha itoke.